Bei halali ya Toyota IST: soma matangazo 40 kabla ya kumpigia dalali

Karibu mtazamaji. Leo tunatafuta bei ya Toyota IST iliyotumika hapa Dar es Salaam, na tutaitafuta kwa hesabu. Nimechagua IST kwa sababu ziko nyingi sana sokoni, na njia hii haifanyi kazi kama huna magari mengi ya kulinganisha. Ukishaielewa unaweza kuitumia kwa Vitz, Premio au Noah, ila kila modeli iwe na karatasi yake.

Kwanza punguza uwanja. IST zipo za aina mbili: toleo la kwanza lilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, la pili likaanza 2007, na muonekano wake ni tofauti kabisa. Toleo la kwanza lenyewe lina injini ya lita 1.3 na ya lita 1.5. Ukiyachanganya haya, bei zitapanda na kushuka bila wewe kujua kama ni umri, injini au toleo. Sisi tunachukua toleo la kwanza, injini ya 1.3, giaboksi ya otomatiki. Hayo tu. Ukikuta tangazo zuri la 1.5, liache lipite.

Sasa fungua Google Sheets, tazama hapa kwenye skrini. Safu A ni alama ya gari, yaani rangi, herufi za namba na mahali ulipoliona. Safu B ni miaka tangu gari lisajiliwe Tanzania. Safu C ni kilomita kwa maelfu, kwa hiyo kilomita 140,000 unaandika 140. Safu D ni bei kwa milioni. Mstari wa 1 ni wa vichwa, magari yaanze mstari wa 2.

Unaweza kuuliza kwa nini safu B si mwaka wa kutengenezwa. Ndani ya toleo moja mwaka hautofautiani sana: wengi wanatangaza 2003, 2004, 2005. Kinachotofautiana kweli ni muda ambao gari limekula barabara zetu, na ndiyo maana mnunuzi wa hapa anauliza kwanza, "Namba gani?" IST mbili za 2004, moja namba C na nyingine namba E, si gari moja machoni pa soko. Ya namba E ilikaa Japani muda mrefu zaidi, kwenye lami na kwenye ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara. Kwa hiyo muulize muuzaji, "Kaka, limesajiliwa mwaka gani?" Asipojua, linganisha herufi zake na za magari unayojua mwaka wake, D ya mwanzoni au D ya mwishoni, ukadirie.

Kusanya matangazo 40, yote ya ndani ya wiki sita au nane zilizopita. Ya zamani zaidi yaache, maana shilingi ikiyumba mbele ya dola, bei ya gari la kuagiza inabadilika, na hizi za mkononi zinaifuata.

Hatua inayofuata ndiyo yenye kazi kubwa, na ndipo watu wengi wanapoharibu hesabu nzima: kusafisha orodha. Gari moja la mtu mmoja linaweza kutangazwa na madalali wanne, kila mmoja ameweka cha juu chake. Ukiwaandika wote wanne, umelihesabu gari hilo mara nne, na mara tatu kati ya hizo kwa bei isiyo ya mwenye gari. Utalitambuaje? Usiangalie maandishi, angalia picha. Rimu, vitambaa vya siti, mkwaruzo kwenye bampa, ukuta au mti ulio nyuma ya gari. Ukishaona ni lilelile, bakiza bei ya chini kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyo karibu na mwenye mali.

Kisha ondoa bei za chambo. Unakuta IST imeandikwa milioni 3, ukisoma mpaka chini ni kianzio cha mkopo. Nyingine imeandikwa milioni 1 kwa sababu muuzaji anataka umpigie tu. Ondoa pia lililopata ajali na lisilo na kadi. Katika mfano wetu, matangazo 40 yamebaki 24. Usihuzunike, hao 24 wana thamani kuliko 40 wenye uchafu.

Sasa kilomita. Hapa naomba utulie nami kidogo, kwa sababu kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma, na hili ni jambo la kawaida kuliko wengi wanavyopenda kukubali. Kuna kipimo kimoja rahisi. Chukua kilomita zote, gawa kwa umri wote wa gari tangu litengenezwe. Gari lenye miaka 20 linaloonyesha kilomita 70,000 limetembea 3,500 kwa mwaka, hazifiki hata kilomita 10 kwa siku. Kwa gari ambalo lina miaka minane Dar, na huenda lilifanya teksi za mtandaoni, jiulize kama hilo linawezekana. Linawezekana, lakini muuzaji alithibitishe. Cheti kilichotolewa Japani gari lilipofutwa usajili ili lisafirishwe kina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Kama cheti kinasema 92,000 na dashibodi leo inasoma 70,000, huna haja ya kubishana na mtu.

Magari yenye mashaka ya namna hiyo usiyaache kwenye hesabu na kilomita zake za uongo. Yaweke pembeni, kwenye karatasi ya pili. Tuseme mfano wetu tumeshayachuja, na bado tuna 24 yenye kilomita za kuaminika.

Kabla ya kanuni yoyote, chora. Chagua safu B na D, ingiza chati ya nukta. Kila nukta ni gari moja. Utaona nukta zinashuka kuelekea kulia: miaka ikiongezeka, bei inapungua. Tazama zile zilizo mbali na kundi, urudi kwenye tangazo lake usome tena. Mara nyingi utakuta uliandika namba vibaya, au ni injini ya 1.5 iliyojipenyeza.

Sasa kwa nini tusitoe tu punguzo la umri, kisha punguzo la kilomita? Kwa sababu vitu hivi viwili vinatembea pamoja. Gari lililokaa miaka mingi ndilo lililotembea sana. Ukichora bei na miaka peke yake, mteremko unaouona tayari umebeba kilomita ndani yake. Ukija kukata tena kwa kilomita, umemkata muuzaji mara mbili kwa kosa moja, na ofa yako itakataliwa kila mahali. Tunataka vyote viwili vipimwe kwa pamoja. Andika hii kwenye seli G2:

```
=LINEST(D2:D25, B2:C25)
```

Zitatoka namba tatu, G2, H2 na I2. Kuwa makini: zinatoka kinyumenyume. Ya kwanza ni ya kilomita, ya pili ni ya miaka, ya tatu ni bei ya kuanzia. Wengi huzigeuza hapa. Kama Google Sheets yako inakataa mkato, tumia nukta mkato, inategemea nchi uliyochagua kwenye mipangilio.

Namba ninazotumia hapa nimezitunga ili uone hesabu inavyokwenda. Za kwako zitatoka kwenye matangazo yako ya wiki hii. Tuseme tumepata -0.02, -0.4 na 14.8. Maana yake, kila kilomita elfu moja inapunguza bei kwa shilingi 20,000, na kila mwaka barabarani unapunguza 400,000. Kama namba ya kilomita imetoka karibu na sifuri au imetoka chanya, simama. Gari lililotembea zaidi haliwezi kuwa ghali zaidi. Ama bado una kilomita za uongo nyingi kwenye orodha, ama una magari machache mno.

Gari tunalolitaka lina miaka 6 tangu lisajiliwe na kilomita 140,000. Muuzaji anataka milioni 11. Hesabu: 14.8, toa 2.4 ya miaka, toa 2.8 ya kilomita, inabaki milioni 9.6.

Je, 9.6 ni bei yenyewe? Hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza, magari yanayofanana hayauzwi bei moja. Kwenye E2 weka makadirio, kwenye F2 tofauti yake na bei iliyotangazwa, uvute zote mbili mpaka mstari wa 25:

```
E2:  =$I$2+$H$2*B2+$G$2*C2
F2:  =D2-E2
G4:  =ARRAYFORMULA(MEDIAN(ABS(F2:F25)))
```

Namba ya G4 inakuambia bei za watu zinapishana na makadirio kwa kiasi gani. Ikitoka 0.5, basi nusu ya magari yako ndani ya laki tano juu au chini ya makadirio. Kwa hiyo gari letu ni kati ya 9.1 na 10.1, na milioni 11 iko nje ya hapo waziwazi.

Ya pili, hizi ni bei za kutangaza, si za kuuzia. "Maongezi yapo" imeandikwa kila mahali. Pigia wauzaji watano au sita waliomo kwenye orodha, siyo wa gari unalolitaka, uliza kwa adabu, "Bosi, mwisho bei gani?" Andika. Tuseme wote kwa wastani wameshuka asilimia 6. Basi 9.6 inakuwa kama milioni 9. Na rudi kwenye orodha baada ya wiki tatu. Yaliyoondoka mapema kwa kawaida yalikuwa chini ya makadirio, na yale yanayopandishwa upya kila Jumatatu yako juu yake.

Gari la mashaka unalipangia bei vipi? Usitumie kilomita zake. Chukua kilomita za kati za magari ya herufi zinazokaribiana na zake, uweke hizo kwenye kanuni. Dashibodi inasema 70, wenzake wanasoma 150, wewe weka 150.

Kumbuka kanuni hii inazungumzia gari la kawaida lenye hali ya kawaida, na ndani ya miaka uliyokusanya tu. Kama magari yako yote ni ya miaka 3 hadi 10, usiulize bei ya lililosajiliwa mwezi jana. Kwa hilo, piga bei ya kuagiza pamoja na kodi kwenye kikokotoo cha TRA, hiyo ndiyo dari yake.

Shokapu zilizokwisha, AC isiyopoza, matairi, hayo mpeleke fundi wako, apige gharama, uitoe kwenye bei. Fundi akisema laki nne, ofa yako kwa gari letu ni 8.6. Ukimpigia muuzaji usianze na kanuni. Mtumie picha za magari matatu ya namba kama yake, yenye kilomita zinazokaribiana na bei zake, umwambie, "Kaka, haya ndiyo niliyoyaona wiki hii. Nina milioni nane na laki sita leo." Akikataa, wa pili kwenye orodha yupo mstari wa chini yake, na namba yake ya simu tayari unayo.