Nukuu Zilizopinda na Fomula Inayogoma

Ndugu zangu, leo nazungumzia kosa moja tu, na nitabaki hapo hapo. Mtu ameandika maelekezo kwenye Word, na ndani yake ameweka fomula. Mwenzake anainakili, anaibandika kwenye Google Sheets, anabonyeza Enter, na seli inamjibu `#ERROR!`. Akipeleka kipanya juu ya seli anasoma `Formula parse error`. Anaipitia fomula herufi kwa herufi, kasoro haioni. Hii hapa:

```
=COUNTIF(B2:B60,“Amelipa”)
```

Mabano yamefungwa, jina la kazi ni sahihi, safu ipo. Sasa tazameni alama zinazozunguka neno Amelipa. Zimepinda: ya kwanza inaangalia kulia, ya pili kushoto. Iliyo kwenye kibodi yenu imesimama wima, na ni ileile upande wa kufungua na wa kufunga.

Kwa macho yetu hizo ni nukuu tu, tofauti ni ya mapambo. Kwa kompyuta ni alama tatu mbalimbali, kila moja na namba yake: iliyonyooka ni 34, ya kufungua iliyopinda ni 8220, ya kufunga ni 8221. Sheets inajua kwamba maandishi ndani ya fomula huanza na kuishia kwa 34. Ikikutana na 8220 haioni mwanzo wa maandishi. Inaona alama isiyo na kazi mahali pale, inashindwa kuichambua fomula nzima, na inaishia hapo. Anayetaka kuhakikisha aibandike nukuu peke yake kwenye seli A1, kisha aandike pembeni:

```
=UNICODE(A1)
```

Jibu likiwa 8220 au 8221, mmeshamjua mkosaji.

Word haijakosea, maana kitabu kikichapwa kwa nukuu zilizopinda kinasomeka vizuri zaidi. Ndiyo maana inazipindisha yenyewe mnapoandika. Tatizo ni kwamba fomula haikuandikwa ili isomwe na mtu.

Hapa wengi hukimbilia Ctrl+Shift+V, ile ya kubandika bila mapambo. Haisaidii, na naomba tuelewane kwa nini. Njia hiyo huondoa rangi, ukubwa na aina ya mwandiko. Kupinda kwa nukuu si mapambo yaliyowekwa juu ya alama 34. Alama yenyewe imebadilishwa, na alama huja vilevile ilivyo. Dawa ni kubofya kwenye mstari wa fomula, kufuta kila nukuu, na kuiandika upya hapo hapo kwa kibodi:

```
=COUNTIF(B2:B60,"Amelipa")
```

Anayeandaa maelekezo azime tabia hiyo ya Word kabla hajaanza: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kisha kwenye AutoFormat As You Type aondoe tiki kwenye mstari wa smart quotes. Kuzima hakurekebishi zilizokwisha kupinda. Hizo afungue Replace, aandike nukuu ya kawaida juu na nukuu ya kawaida chini, kisha abadilishe zote. Hatua hii akiifanya kabla ya kuzima, Word itazipindisha tena palepale, na mtu ataapa kwamba programu imeharibika.

Mkishanyoosha nukuu na kosa likabaki, tazameni kistari cha kutoa: Word hupenda kukirefusha, na kilichorefushwa si alama ya kutoa tena. Kama jedwali limewekwa kwa nchi inayotumia mkato kwenye desimali, vipengele vya fomula hutenganishwa kwa nukta mkato.

Lakini mimi `#ERROR!` hainitishi, kwa sababu inapiga kelele. Ninachokiogopa ni nukuu iliyopinda iliyoingia kwenye data. Chukueni orodha ya mifugo iliyobandikwa kutoka Word kwenye safu A, yenye neno Ng’ombe, ritifaa yake imepinda. Ninyi mnaandika hivi kwa kibodi:

```
=COUNTIF(A2:A60,"Ng'ombe")
```

Fomula ni safi, Sheets hailalamiki, na jibu ni 0. Huku ng'ombe wamejaa safu nzima mnawaona! Ritifaa iliyonyooka ni 39, ile ya Word ni 8217, kwa hiyo hayo ni maneno mawili tofauti. Orodha ikiwa na mchanganyiko ni mbaya zaidi: badala ya 0 mnapata namba inayoaminika, kwa mfano 14 palipo na 23, na hakuna anayeshtuka. Hapo fomula iacheni, safisheni data kwenye safu ya pembeni:

```
=SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),"'")
```

Ivuteni hadi chini, kisha hesabuni kwa kutumia safu hiyo mpya. Orodha ikiwa na 8216 pia, ile ritifaa inayopindia upande wa pili, zungusheni SUBSTITUTE nyingine nje ya hii kwa namba hiyo.