Dakika ya 22: Kusahihisha Mtihani wa Vitendo wa Upishi

Ndugu watahini, habari za asubuhi. Kila mmoja wenu ana karatasi ya alama mbele yake, na leo tutaijaza pamoja kwa mtahiniwa mmoja tu. Kazi aliyopewa ni kuku wa nazi, wali mweupe na kachumbari, sahani nne, kwa dakika 120. Alama tumezigawa hivi: usafi 25, ufundi 45, mwonekano wa sahani 15, muda 15. Vyuo havigawi sawasawa, lakini mgawo huu unatosha kwa mfano wetu. Ladha nimeiweka ndani ya ufundi, kwa sababu ladha ni matokeo ya ufundi. Ukiipa safu yake utamwadhibu mtu mara mbili kwa chumvi ileile.

Tuanze na dakika ya 22. Mtahiniwa amemaliza kukata kuku vipande vinane, na amekata vizuri, kwenye viungio, mifupa haikupasuka. Anachukua kitambaa kinachoning'inia kwenye aproni, anaufuta ubao, anafuta kisu, kisha anaanza kukata nyanya za kachumbari juu ya ubao uleule. Tendo lote linachukua chini ya dakika moja. Kama ulikuwa umeinamia karatasi ya meza ya jirani, hukuliona, na hakuna kitu kwenye sahani kitakachokuja kukuambia kwamba lilitokea.

Ndiyo maana safu ya usafi hujazwa wakati kazi inaendelea, kwa saa na tendo: "dk 22, ubao wa kuku mbichi, nyanya, hakuosha kwa sabuni." Usiandike "usafi wa wastani". Mtahini anayeijaza safu hii mwishoni, sahani ikiwa mbele yake, huwa anasahihisha uzuri wa sahani kwa jina la usafi. Kwa kuangalia hivi, watahiniwa wanne kwa mtahini mmoja wanatosha kabisa.

Sasa, kosa hilo lina uzito gani? Jiulize chakula kilichoguswa kinakwenda wapi baadaye. Angekuwa amekata vitunguu vya mchuzi juu ya ubao ule, vitunguu vile vingeingia kwenye sufuria na kuchemka, na vijidudu vya kuku mbichi kama salmonela vingekufa. Ni dosari, unakata alama mbili tatu. Lakini kachumbari haioni moto. Kilichotoka kwa kuku kinafika mdomoni kikiwa hai. Hiyo si dosari tena, ni hatari, na hatari haipunguzwi alama moja moja. Kanuni tunayoitumia hapa ni kwamba hatari moja ya namna hii inaifunga safu ya usafi kwenye 10 kati ya 25, hata kama mengine yote yalikuwa safi. Na anayepata chini ya nusu kwenye usafi hafaulu mtihani, jumla yake iwe ngapi.

Mtaniuliza kama tumsimamishe palepale. Kisu kikikaribia kidole au mafuta yakishika moto, unaingilia mara moja. Kwa ubao, andika na umwache aendelee, maana bado ana mambo mengine ya kupimwa. Ila kachumbari ile haionjwi na mtu yeyote, na mtahini mwenzako aambiwe kabla hajashika kijiko.

(Kuhusu kuosha kuku mbichi kwenye sinki: najua majumbani wengi tunaosha, na ndimu juu. Jikoni pa mtihani, maji yakirukia meza yenye vyombo safi, hayo ni makosa, kwa sababu matone yale hubeba vijidudu. Kinachoua vijidudu ni moto.)

Twende kwenye ufundi, na hapa nataka tukae kwenye tui. Mtahiniwa wetu alimimina tui zito mapema, akakamulia ndimu, akafunika, akaacha moto mkali. Tui likakatika: mafuta yakaelea juu, chini mabongemabonge meupe. Tui ni mafuta yaliyoshikana na maji kwa msaada wa protini. Mchemko mkali unaigandisha protini hiyo, ndimu inaharakisha, na mafuta yanaachana na maji. Njia yake inajulikana: kuku aivie kwenye tui jepesi, tui zito liingie mwishoni, moto mdogo, bila mfuniko, mwiko usitulie, na ndimu baada ya kuepua. Kati ya alama 10 za mchuzi nampa 6, kwa kuwa viungo vilikaangwa vizuri na kuku ameiva.

Ameiva kwa ushahidi gani? Hapa alifanya jambo la kusifiwa. Dakika ya 112 alichoma kipimajoto kwenye paja, pale penye nyama nene, bila kugusa mfupa. Kikasoma 68. Akamrudisha kuku motoni mpaka kikafika 74. Watahini wengine humkata alama kwa ile 68. Hapana. Aliyepima mwenyewe kabla ya kupakua ametimiza kazi yake. Kosa lingekuwepo kama wewe ndiye ungeikuta 68 kwenye sahani. Na kama mna shaka na kipimajoto, kijaribuni kwenye barafu inayoyeyuka, kisome 0. Msitumie maji yanayochemka kama kipimo cha 100: Arusha au Nairobi maji huchemka kabla ya kufika hapo, kwa sababu ya mwinuko.

Kuku kukatwa 7 kati ya 8, vitunguu 4 kati ya 5, mchuzi 6, wali 9 kati ya 10 maana umechambuka na hauna kiini, kachumbari 3 kati ya 5 kwa vipande visivyolingana, ladha 5 kati ya 7. Ufundi ni 34.

Sahani imekuja ya moto, ukingo umefutwa, wali na kuku vimepangwa kwa uwiano. Kuna duara la mafuta kuzunguka mchuzi. Msilikate! Ni lile tui lililokatika, na tayari limelipiwa kwenye ufundi. Mwonekano 12.

Muda tunaugawa: 6 kwa mpango wa kazi alioandika kabla ya kuanza, 9 kwa kupakua. Dirisha la kupakua ni dakika ya 110 hadi 120, na kila dakika ya kuchelewa inakula alama moja. Anayemaliza dakika ya 85 naye anakatwa, kwani wali wake utakaa mezani ukipoa. Wetu alipakua dakika ya 127, kwa sababu ya kumrudisha kuku motoni. Anapata 2, na 5 za mpango, jumla 7. Kupima kumemgharimu kwenye muda peke yake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Jumlisheni: 10, 34, 12, 7. Ni 63. Bila ule ubao, usafi ungekuwa 21 na jumla 74. Hata kwa 63 hii hafaulu, maana usafi wake uko chini ya nusu; atarudia.

La mwisho ni pale watahini wawili wanapotofautiana. Mmoja ameandika usafi 21, mwingine 10. Msichukue wastani wa 15 na nusu. Ukichukua wastani, mtu huyu anafaulu kwa alama ambayo hakuna aliyemwona akiipata. Fungueni maandishi ya pembeni: mmoja ana "dk 22", mwenzake hana kitu, kwa sababu wakati ule alikuwa meza ya tatu. Inasimama 10, na wote wawili wanatia sahihi.