Kiapo cha Pumzi Moja

Asanteni. Leo nataka tuchukue sentensi moja tu ya kiapo cha ndoa, tuihariri pamoja mpaka iweze kusemwa kwa pumzi moja. Bwana harusi mmoja aliniletea hii:

"Naahidi kukupenda na kukuthamini siku zote, kutokukuumiza kamwe, na kuwa egemeo lako, kwa kuwa wewe ndiye nuru ya maisha yangu."

Inasikika vizuri, sivyo? Sasa niambieni: mwaka ujao, mkewe atajuaje kama ahadi hii imetimizwa au imevunjwa? Hawezi kujua. Basi tuanze kupunguza. "Nuru ya maisha yangu" ni sifa, wala si ahadi. Hatuitupi, tunaipeleka mwanzoni, kabla ya kiapo chenyewe. "Kutokukuumiza kamwe" tunaifuta kabisa, maana hakuna anayeweza kuitimiza, na bibi harusi anajua hivyo.

Nikamuuliza: mkigombana, wewe hufanya nini? Akacheka kidogo, akasema, "Nanuna. Hata siku mbili." Hapo ndipo kiapo chake kilipokuwa kimejificha. Akaandika: "Nitajaribu kutonuna tukigombana." Nikamwomba aondoe "nitajaribu", kwa sababu neno hilo linaacha mlango wazi wa kutorokea. Tena kutonuna ni kuacha jambo, na mtu anaweza kuacha kununa akabaki kimya vilevile. Anachohitaji mwenzake ni tendo. Tukafika hapa:

"Nikikasirika, nitakwambia siku hiyohiyo."

Hiyo inapimika. Na inamgharimu, jambo ambalo kwangu ni dalili nzuri ya ukweli wake.

Angalieni lakini msizidishe. "Nitaosha vyombo kila Jumamosi" itavunjwa na homa ya kwanza au safari ya kwanza. Na "sitapekua tena simu yako" ni mahususi mno kwa namna nyingine: wakwe wote ukumbini sasa wanajua mlichokuwa mkigombania. Hayo yasemeni nyumbani.

Tuje kwenye pumzi. Msihesabu maneno, maana Kiswahili kitawadanganya: "nitakapokukasirikia" ni neno moja lenye silabi kumi. Simameni, msome kwa sauti, polepole kuliko mnavyozungumza. Sauti ikififia kwenye silabi za mwisho, sentensi ni ndefu. Mimi hupendelea ahadi isiyozidi silabi ishirini hivi. Ukisoma umekaa sebuleni huenda ukamudu zaidi, ila siku yenyewe moyo unadunda na pumzi inakuwa fupi. Ile ya kwanza ya bwana harusi wetu ilimkatikia kwenye "kamwe", naye alikuwa ametulia kabisa.

Ikizidi, msibane maneno ili yatoshe. Igaweni iwe ahadi mbili, au chagueni moja. Kisha kwenye karatasi kila ahadi ikae mstari wake, na chini yake muache nafasi tupu: hapo ndipo mnapovuta pumzi, na ndipo mwenzako anapopata muda wa kusikia ulichosema.

Haya, nani ana sentensi yake tuikate?