Njia fupi kutoka Morogoro hadi Arusha: mbinu ya Dijkstra kwa penseli na karatasi

Karibu mtazamaji. Leo nataka uwe na karatasi moja, penseli na ufutio. Usichukue kalamu ya wino, kwa sababu kuna namba tutaandika kisha tutazifuta, na huko kufuta ndiko kwenye uzito wa somo la leo.

Swali letu ni hili. Uko Morogoro na gari, unataka kufika Arusha kwa kilomita chache kadiri inavyowezekana. Unaweza kushika njia ya Dodoma, ukapanda Babati, ukaingia Arusha kwa upande wa magharibi. Au unaweza kurudi Chalinze, ukapinda kwenda Segera, kisha Moshi, na kuingia Arusha kwa upande wa mashariki. Zote mbili zinaanza kwa kukupeleka pembeni, kwa hiyo kuitazama ramani kwa macho tu hakutoshi. Inabidi tuhesabu, tena kwa utaratibu ambao hata mashine isiyoijua Tanzania inaweza kuufuata.

Chora pamoja nami. Weka nukta ya Morogoro katikati, upande wa chini wa karatasi. Kulia kwake weka Chalinze, na uunganishe kwa mstari wa kilomita 85. Kutoka Chalinze panda juu hadi Segera, 170. Segera hadi Moshi, 290. Moshi hadi Arusha, 80. Sasa rudi Morogoro. Kushoto weka Dodoma, 260. Dodoma hadi Babati, 250. Babati hadi Arusha, 170. Mwisho, chini kushoto, weka Iringa: kutoka Morogoro ni 310, na kutoka Iringa kuna mstari mwingine unaopanda Dodoma kupitia Mtera, 260. Namba hizi ni za kukadiria, nimezizungusha ili tuhesabu kwa urahisi. Una miji minane na barabara tisa.

Kila mji utapewa vitu viwili: namba, na jina. Namba ni umbali mfupi kuliko wote tuliouona hadi sasa kutoka Morogoro. Jina ni la mji uliotufikisha hapo. Morogoro yenyewe iandikie sifuri. Miji mingine iachie kistari, maana hatujui bado namna ya kuifikia.

Kanuni ni mbili tu, na zinarudiwa mpaka tumalize. Ya kwanza: katika miji ambayo haijafungwa, chagua yenye namba ndogo kuliko zote, uifunge kwa kuizungushia duara. Mji ukishafungwa, namba yake haiguswi tena. Ya pili: simama kwenye mji ulioufunga, tazama majirani zake ambao bado wako wazi, na ujumlishe: namba ya mji huu, ongeza urefu wa barabara. Jirani akiwa hana namba, mpe hiyo. Akiwa nayo lakini hii mpya ni ndogo zaidi, futa ya zamani, andika mpya, na ubadilishe jina pia. Kama hii mpya si ndogo, mwache alivyo.

Tuanze. Zungushia Morogoro. Majirani ni Chalinze, ipate 85, Dodoma, 260, Iringa, 310. Zote tatu andika jina Morogoro pembeni.

Ndogo ni 85. Zungushia Chalinze. Jirani aliye wazi ni Segera: 85 ongeza 170, ni 255. Jina, Chalinze.

Sasa tazama namba zilizo wazi: Segera 255, Dodoma 260, Iringa 310. Segera imeipita Dodoma kwa kilomita tano tu, lakini tano zinatosha. Zungushia Segera. Moshi inapata 255 ongeza 290, yaani 545.

Inayofuata ni Dodoma, 260. Ifunge, kisha tazama majirani. Babati inapata 510. Iringa nayo ni jirani wa Dodoma, kwa hiyo lazima tuiulize: 260 ongeza 260 ni 520. Iringa tayari ina 310. Hatugusi kitu. Usiruke hatua hii hata kama jibu lake linaonekana wazi. Kwenye ramani yetu ndogo jicho linakwambia mapema kwamba hakuna atakayekwenda Iringa kwa kuzungukia Dodoma, lakini kwenye ramani yenye barabara elfu moja jicho halitakuwepo.

Iringa 310 ndiyo inayofuata kufungwa. Majirani wake wote wamekwisha kufungwa, kwa hiyo hapo hakuna cha kuandika.

Sasa tulia kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Zilizo wazi zenye namba ni Babati 510 na Moshi 545. Ndogo ni Babati. Ifunge. Jirani wake aliye wazi ni Arusha: 510 ongeza 170 ni 680. Andika 680 kwenye Arusha, jina Babati.

Tumefika Arusha? Namba ipo, njia ipo, na mtu anayeandika programu kwa haraka anaweka amri ya kusimama hapa: mara tu mji ninaoutafuta ukipata namba, toa jibu. Jibu hilo litakuwa na makosa. Arusha imeandikwa, lakini haijafungwa. Ni vitu viwili tofauti. Namba 680 inasema tu kwamba kuna njia ya urefu huo. Haisemi kwamba hakuna fupi zaidi.

Endelea na kanuni. Zilizo wazi ni Moshi 545 na Arusha 680. Ndogo ni Moshi. Zungushia. Jirani wake ni Arusha: 545 ongeza 80 ni 625. Je, 625 ni ndogo kuliko 680? Ndiyo. Chukua ufutio. Futa 680, andika 625. Futa Babati, andika Moshi.

Imebaki Arusha peke yake. Zungushia. Hapo sasa ndipo tunasimama, kwa sababu mji tunaoutafuta umefungwa.

Kuijua njia yenyewe, soma majina kwa kurudi nyuma. Arusha inasema Moshi. Moshi inasema Segera. Segera inasema Chalinze. Chalinze inasema Morogoro. Geuza mpangilio na umepata safari yako: Morogoro, Chalinze, Segera, Moshi, Arusha, kilomita 625, dhidi ya 680 za kupitia Dodoma. Kama ungefuta namba ukasahau kufuta jina, ungekuwa na umbali wa njia moja na miji ya njia nyingine. Kosa hilo ni rahisi kuligundua: jumlisha barabara za njia uliyoipata, na kama jumla hailingani na namba ya mji wa mwisho, rudi utafute jina ambalo hukulibadilisha.

Sasa swali ambalo ningependa uliulize. Tunapata wapi uhakika wa kufunga mji? Tulipofunga Dodoma kwa 260, tulijuaje kwamba hakuna njia ya siri ya kilomita 240 ambayo hatujaifikia?

Fikiria madereva wengi wanaondoka Morogoro saa moja, kila mmoja na barabara yake, wote kwa mwendo uleule. Kila wanapofika njia panda wanagawanyika tena. Wa kwanza kuingia mji fulani ndiye aliyepita njia fupi, na kufunga mji ni kuandika kwamba huyo wa kwanza amefika. Dereva wa Dodoma anapoingia kwenye kilomita ya 260, wenzake wengine wote nao wameshatembea 260. Atakayekuja Dodoma baadaye, awe ametokea Iringa au popote pale, atakuwa ametembea zaidi ya hapo. Hawezi kurudisha kilomita alizokwisha kuzitembea.

Mbinu hii Edsger Dijkstra, Mholanzi, aliibuni mwaka 1956 akiwa Amsterdam, akaichapisha mwaka 1959. Alihitaji mfano ambao watu wasio wa hisabati wangeuelewa siku ya kuonyesha kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC. Akachagua ramani ya barabara za Uholanzi yenye miji 64, kwa sababu namba ya mji mmoja kati ya 64 inaenea kwenye biti sita. Alisimulia baadaye kwamba aliifikiria kwa dakika kama ishirini, kichwani, bila karatasi wala kalamu, akiwa ameketi mkahawani na mchumba wake. Mimi naamini ndiyo maana kanuni zake ni chache hivi: ilibidi zote zikae kichwani kwa wakati mmoja.

Namba kwenye mistari si lazima ziwe kilomita. Weka dakika, weka lita za mafuta, weka nauli, kanuni hazibadiliki. Lakini kuna sharti moja, nalo limejificha kwenye sentensi ya mwisho ya habari ya madereva: hakuna barabara inayorudisha ulichokwisha kutumia. Hakuna namba hasi.

Kwa kilomita hilo haliwezi kutokea. Kwa gari la umeme linaweza. Gari hilo linaposhuka mteremko mrefu, kama ule wa Kitonga ukitoka Iringa kwenda Morogoro, mota inageuka kuwa jenereta na kuichaji betri. Ukipima matumizi ya umeme badala ya umbali, kile kipande cha kushuka kinaweza kuwa na namba hasi.

Ona kinachoharibika. Chora miji mitatu, A, B na C. Kutoka A hadi B moja kwa moja gari linatumia uniti 10. Kutoka A hadi C, juu mlimani, linatumia 12. Kutoka C kushuka hadi B linarudisha 4, kwa hiyo andika hasi 4. Fuata kanuni zetu: funga A, B inapata 10, C inapata 12. Ndogo ni B, unaifunga kwa 10. Kisha unafunga C, na hapo unaona kwamba 12 toa 4 ni 8. Njia ya mlimani ilikuwa na nafuu, lakini B imeshafungwa na kanuni inakukataza kuigusa. Jibu ni 10, ukweli ni 8, na programu haitakuonya.

Kwa ramani ya aina hiyo kuna mbinu ya Bellman na Ford. Yenyewe haifungi mji wowote. Inapita barabara zote, moja baada ya nyingine, ikirekebisha namba kila inapoweza, kisha inarudia mzunguko mzima. Kwa miji minane, mizunguko saba inatosha, na mzunguko ukipita bila namba yoyote kubadilika unaweza kuacha mapema. Ni kazi nyingi zaidi kuliko ya Dijkstra, na kwenye ramani kubwa tofauti hiyo inaonekana, kwa hiyo itumie pale tu unapoona alama ya kutoa kwenye mstari hata mmoja wa ramani yako.