Namba ya muamala inapokuwa shahidi wa malipo

Wazazi na wapangaji wa Lubumbashi mliofika leo, nawaomba kwanza mtazame vizuri karatasi ambayo karani wa gishe anawarudishia mkiisha kuweka pesa. Bodero huwa na namba mbili. Moja ilichapwa kiwandani pamoja na kitabu cha fomu, nayo haithibitishi lolote, kwa sababu ingekuwapo hata kama pesa zisingehesabiwa. Ya pili huzaliwa katika mfumo wa benki wakati muamala unapoingizwa, na hiyo ndiyo inayoonekana pia katika taarifa ya akaunti ya mpokeaji.

Tuchukue mfano wa mzazi wa Katuba aliyemtuma shemeji yake kulipa dola 150 za masomo, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, jioni, benki ilipokuwa imekwisha kufunga hesabu za siku hiyo. Mhasibu wa shule alitafuta jina la mzazi katika malipo ya Ijumaa, hakuliona, akasema hakuna kilichoingia. Hakusema uongo: alitafuta jina lisilokuwapo katika siku isiyokuwa yenyewe. Namba ya muamala ilikuwa FT25076K4Q8M. Katika mifumo inayoandika hivyo, 25 ni mwaka na 076 ni siku ya sabini na sita ya mwaka, yaani Jumatatu tarehe 17 Machi. Mhasibu akiitafuta namba hiyo katika taarifa ya Jumatatu, ataikuta pamoja na jina la shemeji.

Shule ikikataa kutafuta, msiiombe benki iwaonyeshe akaunti ya shule, kwa kuwa siri ya benki inaikataza. Aliyeweka pesa aombe kwa barua hati inayotaja namba ya muamala, kiasi, tarehe na akaunti iliyopokea, kisha mlinganishe akaunti hiyo, tarakimu kwa tarakimu, na ile mliyopewa na shule. Zikitofautiana, pesa zimeingia kwa mtu mwingine, na madai yanapaswa kuelekezwa benki bila kuchelewa. Toeni pia nakala ya risiti siku ileile ya kulipa, maana maandishi ya karatasi inayochapwa kwa joto hufifia.

Kwa mwenye nyumba, ugomvi mara nyingi ni mwingine: anakubali kwamba dola zimefika, lakini anasema zimefuta deni la zamani, si kodi ya Machi. Hapo namba haitoshi, kwa kuwa inathibitisha kuingia kwa pesa tu. Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Kiraia ya Kongo kinampa mwenye madeni kadhaa haki ya kutamka, wakati wa kulipa, ni deni lipi analolilipa. Kwa hiyo, kwenye bodero, mahali pa sababu ya malipo pasiachwe patupu, wala pasiandikwe «kodi» peke yake. Mpangaji aandike «kodi ya Machi 2025», pamoja na jina lake na anwani ya nyumba, kisha ahakikishe kwamba karani ameyaingiza maneno hayo katika mfumo na yanasomeka kwenye risiti iliyochapwa, kabla ya kuondoka gisheni.