Fangasi au ekzema? Stori ya miguu ya Sele

SELE: Haya mambo vipi wasikilizaji, leo kipindi ni cha miguu, na miguu yenyewe ni yangu, msicheke. Niko na da Rehema kama kawaida, ambaye kabla hajaanza kukaa na mimi hapa kwenye maiki alishakaa miaka na miguu ya watu, ni tabibu wa ngozi, kasomea Moshi pale KCMC.

REHEMA: Asante mdogo wangu. Anza wewe basi, we si ndo mgonjwa.

SELE: Mi kazi yangu mnaijua, niko kwenye samaki, nakuwa Feri saa kumi alfajiri na gambuti siivui mpaka saa tano asubuhi, maji yanaingia humo humo, jasho humo humo. Sasa mwaka jana mwezi wa kwanza, joto la Dar lile mnalijua, nikaanza kuwashwa mguu wa kulia, kati ya kidole cha mwisho na kile cha pembeni yake. Ngozi ikawa nyeupe, laini, kama ya mtu aliyefua siku nzima, ukiivuta inatoka, na chini yake kuna mpasuko mwekundu unachoma ukipata chumvi. Na harufu bana, mke wangu akasema gambuti zilale nje.

REHEMA: Hiyo hata kwenye simu ungenielezea ningekwambia anza na fangasi. Pale kati ya kidole cha nne na cha tano ndo makao yake makuu, kwa sababu vidole hivyo vimebanana kuliko vingine vyote, hewa haipiti, we unajifuta mguu juu juu pale panabaki na maji. Kuvu anakula ile ngozi iliyokufa ya juu, na ngozi ikishalowa kazi yake inakuwa nyepesi.

SELE: Ingekuwa hiyo tu nisingekuwa na stori. Kama wiki mbili baadaye naamka usiku nyayo zinawasha, zote mbili, namulika na tochi ya simu sioni kitu. Kesho yake usiku tena, najikuna kwenye ukingo wa kitanda kama ng'ombe. Siku ya tatu napapasa, nahisi vipunje, ila siyo malengelenge yale ya kiatu kipya yanayotuna juu, hivi viko ndani kabisa, ukibonyeza ni vigumu.

REHEMA: Kama punje za sagu iliyopikwa mtu kaenda kuzifukia chini ya ngozi. Hivyo ndivyo vilivyo. Ngozi ya unyayo ni nene, kwa hiyo maji yakijikusanya hayapati nafasi ya kutuna, yanabaki chini yanaonekana kwa mbali. Na muwasho unatangulia, unaweza kuwashwa siku nzima au mbili kabla hujaona kipele. Vinakuja kwa fungu, pembeni ya vidole vya mkono, viganjani, nyayoni, mara nyingi pande zote mbili kwa pamoja, halafu usipovitumbua vinakauka vyenyewe wiki mbili tatu, ngozi inabanduka magamba, unabaki na ngozi mpya nyekundu inayopasuka. Hiyo inaitwa pomfoliksi, au ekzema ya dishidrosisi.

SELE: Hilo jina la pili linatisha.

REHEMA: Na ni jina la uongo kidogo. Daktari mmoja wa London, Tilbury Fox, mwaka 1873 aliona vile vilengelenge akadhani ni jasho limekwama kwenye vitezi, akaliita hivyo, maana yake jasho lililoharibika. Baadaye vikaangaliwa vizuri ikaonekana vitezi vya jasho havijaziba, ni ekzema tu, ngozi yenyewe imevimba kwa ndani. Ila jasho na joto vinaichochea kweli, ndo maana jina likashika.

SELE: Haya sasa, kosa langu. Nimeenda duka la dawa, sivui hata kiatu, namwambia kijana nawashwa miguu, ananipa tyubu moja, anasema hii ni tatu ndani ya moja, inamaliza kila kitu. Nikapaka kote, kati ya vidole na nyayo. Siku ya tatu, da Rehema, nilikuwa nataka kumpelekea yule kijana soda. Muwasho kwisha! Nikaacha kupaka. Wiki mbili mbele, fangasi imetoka kwenye kidole cha mwisho imehamia vidole vyote na imepanda juu ya mguu, na vipele vimerudi vilevile.

REHEMA: Hapo ndo nataka tukae kidogo maana ndo kitu nakutana nacho zaidi. Ile tyubu ndani yake kuna dawa ya fangasi, kuna antibayotiki, na kuna steroidi kali, mfano klobetasoli. Steroidi kazi yake ni kuzima uvimbe na muwasho, na inazima haraka, kwa hiyo siku ya tatu kilichokufurahisha ni steroidi, siyo dawa ya fangasi. Fangasi yenyewe haijafa, ila mwili wako ulikuwa unapambana nayo na steroidi imewaambia askari walale. Inakula taratibu bila kelele. Ukiacha, unaona imeenea, tena haina tena ule ukingo mwekundu tunaoutambua, imejificha, hata mtaalamu anaweza kuikosa. Na kule kati ya vidole ngozi imebanana, dawa inazama zaidi, ukiendelea miezi ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya vitumbua.

SELE: Na nyayoni je? Maana hiyo steroidi si ndo dawa ya ekzema?

REHEMA: Ndiyo, nyayoni ilikuwa sahihi kwa bahati tu, ila ulipaka siku tatu ukaacha. Yaani tyubu moja imekosea mahali pawili, vidoleni ilikuwa sumu, nyayoni ilikuwa dozi nusu.

SELE: Ndo nikaja kwako na aibu zangu.

REHEMA: Ulikuja umevaa soksi za nailoni, kwenye joto lile! Kwanza nilikuambia uache krimu zote kama wiki mbili ndo tuchukue kipimo, kwa sababu ukipima mtu aliyepaka dawa ya fangasi jana, kipimo kinaweza kusema hamna kumbe ipo. Kipimo chenyewe hakina makuu. Unakwangua magamba kwa kisu kidogo, kwenye ukingo wa kidonda siyo katikati, unaweka kwenye kioo, unadondoshea tone la potasiamu haidroksaidi, unasubiri kama robo saa iyeyushe seli za ngozi, halafu unaangalia kwenye hadubini. Fangasi ikiwepo unaona nyuzi, ndefu, zina matawi na vipingili kama muwa.

SELE: Mi nilikwanguliwa mara mbili.

REHEMA: Lazima. Moja kati ya vidole, nyingine nilichukua paa la kilengelenge kimoja pale unyayo unapoinuka, pasipogusa chini. Watu wengi wanaruka hapo, wanaona malengelenge wanasema basi ni ekzema, lakini kuna fangasi nayo inatoa malengelenge, na inapenda palepale. Kwa kawaida hiyo inashika mguu mmoja, ila siyo sheria, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Kwako vidoleni nyuzi zilijaa, unyayoni hamna hata moja. Una vyote viwili.

SELE: Nikasema mungu wangu, mi ni wa namna gani.

REHEMA: Mbona kawaida tu, tena vinaweza kuwa vinasaidiana. Kuna watu mwili unaikasirikia fangasi iliyoko vidoleni, halafu hasira zinatokea mbali, vipele vya maji mikononi au nyayoni ambavyo ukivipima havina fangasi ndani. Ukiiua ile ya vidoleni na vya mbali vinaondoka. Kwako nilikuwa sijui bado kama ndo hiyo au una pomfoliksi yako mwenyewe, na kulikuwa na njia moja ya kujua, kuimaliza fangasi halafu tusubiri.

SELE: Waambie dawa, maana watu wameshika kalamu.

REHEMA: Vidoleni krimu ya tebinafini asilimia 1, mara moja kwa siku, wiki mbili. Ukikosa hiyo klotrimazoli asilimia 1, mara mbili kwa siku, ila hiyo ni wiki nne, na watu wanaacha wiki ya pili kwa sababu muwasho umekwisha. Unaosha, unakausha kila kijinafasi, ndo unapaka. Nyayoni tyubu tofauti, klobetasoli, mara mbili kwa siku, wiki mbili basi, chini ya uangalizi wa mtu aliyekuona, na haivuki kwenda vidoleni. Siku zile za mwanzo vipele vimejaa maji, unaloweka miguu kwenye maji ya pamanganeti dakika kumi mpaka kumi na tano.

SELE: Ile zambarau! Mi nilimwaga nikapata beseni la rangi ya zabibu.

REHEMA: Na ukajiunguza. Inatakiwa waridi hafifu, uone chini ya beseni. Vidonge vyake vya miligramu 400, kimoja kinaingia kwenye lita 4, na kiyeyuke chote, maana punje isiyoyeyuka ikigusa ngozi inachoma. Na kucha zitageuka kahawia, usiogope. Vipele vikishakauka unaacha, unahamia vaselini, nyingi, usiku.

SELE: Wiki ya tatu nilikuwa msafi. Gambuti nikanunua mbili, moja inakauka nyingine kazini. Taulo ya miguu yangu peke yangu, kwa sababu mke wangu aliposikia neno fangasi alitaka kunihamishia sebuleni.

REHEMA: Na alikuwa na haki nusu. Fangasi inapita, kwenye taulo, kwenye sakafu ya bafu, kwenye kandambili mnazoazimana. Ekzema haipiti, hata akikanyaga nyayo zako.

SELE: Ila ilirudi. Mwezi wa nne mwaka huu, mama alikuwa anaumwa, silali, nikaanza kuwashwa viganja na nyayo, vipunje vilevile.

REHEMA: Nikakukwangua tena vidoleni, safi, hamna nyuzi. Hapo ndo tukapata jibu, pomfoliksi ni yako mwenyewe, fangasi ilikuwa inaongeza kuni tu. Inaweza kurudi tena, kwa joto, kwa mawazo, wengine kwa nikeli, ile madini iko kwenye bangili za bei rahisi na vifungo. Sikudanganyi kwamba imeisha. Tofauti ni kwamba sasa unajua uanze na tyubu ipi siku ya kwanza ya muwasho. Ila msikilizaji, ukiona usaha wa njano, au wekundu unapanda kwenda kifundoni na homa, au una kisukari na una mpasuko kati ya vidole, hapo achana na tyubu zote nenda hospitali siku hiyohiyo, bakteria wanapita kwenye huo mpasuko.

SELE: Mi zangu nimeziandika kwa kalamu, moja V ya vidole, moja N ya nyayo.

REHEMA: Na ile tatu ndani ya moja?

SELE: Iko juu ya kabati. Jirani alikuja kuiomba jana, anawashwa miguu.

REHEMA: Sele! Ukampa?

SELE: Nilimwambia avue viatu kwanza.