Jinsi ya kuweka akiba ya kinga mbele ya kikwazo, bila kujaza kiwanda chote

Karibu mtazamaji. Leo tunapanga akiba ya kinga, yaani kazi inayosubiri mbele ya kituo ili kisikose cha kufanya, katika kiwanda kinachotengeneza viti vya shule vya chuma na mbao. Kazi inapita vituo vitano, na kila kimoja kina uwezo wake kwa saa. Tazama ubao: kukata mabomba fremu 20, kukunja 18, kuchomelea 16, tanuri la rangi ya unga 12, kufunga mbao 15. Soko linataka viti vingi kuliko tunavyotoa.

Kwanza, hakikisha kikwazo, yaani kituo chenye uwezo mdogo kuliko vyote, ni kipi. Watu wengi huangalia rundo kubwa liko wapi, lakini rundo hudanganya: mkataji akipewa mabomba ya wiki nzima kwa mkupuo, rundo litatokea popote. Kwa hiyo chukua saa, pima. Tanuri letu linaingiza fremu 6 kila nusu saa, kwa sababu chuma lazima kipate moto kwanza ndipo rangi ikae dakika 10 kwenye nyuzi 200. Hiyo ni fremu 12 kwa saa, 96 kwa zamu ya saa 8. Kiwanda kizima hakiwezi kutoa zaidi ya hapo, hata mchomeleaji afanye kazi kwa kasi gani.

Sasa sikiliza hesabu hii kwa makini, maana ndiyo kiini cha video. Kuchomelea kukisimama saa moja, fremu 16 zimechelewa, lakini kituo hicho kina nafasi ya ziada ya fremu 4 kwa saa juu ya tanuri, kwa hiyo kitafidia polepole. Tanuri likikosa kazi saa moja, viti 12 vimepotea na hakuna kituo kinachoweza kuvirudisha. Ndiyo maana tanuri peke yake linastahili akiba. Ukiweka rundo mbele ya kila kituo, unafunga pesa kwenye mabomba, na kosa la kukunja linagunduliwa baada ya fremu mia tatu kukunjwa vibaya.

Kabla ya kuweka akiba, acha kupoteza dakika za tanuri lenyewe. Wafanyakazi wake wapishane kwenda kula, tanuri lisisimame mchana. Fundi akague viungo vya kuchomelea kabla fremu haijapakwa rangi, kwa sababu fremu yenye ufa ikiokwa imekula nafasi ya fremu nzima. Na kila ukibadilisha rangi, kusafisha chumba cha kupulizia kunachukua kama nusu saa. Hizo ni fremu 6, kwa hiyo panga oda za rangi moja zifuatane.

Twende kwenye ukubwa wa akiba. Uupime kwa saa za tanuri kwanza, halafu ndipo ugeuze kuwa fremu. Uliza huko nyuma kunasimama muda gani mambo yanapoharibika. Kwetu, waya wa kuchomelea ukikwama au gesi ikiisha, kituo kinasimama saa 3 kwa kawaida. Tanuri linakula fremu 36 katika muda huo. Kuzirudisha kwa nafasi ya ziada ya fremu 4 kwa saa kunahitaji saa 9, yaani zaidi ya zamu nzima. Ndani ya saa hizo 9 tatizo la pili linaweza kutokea, kwa hiyo tunaweka kinga ya saa 6: fremu 72.

Toroli moja inabeba fremu 12, sawa na saa moja ya tanuri. Basi chora kwenye sakafu nafasi 6 za toroli, mstari mmoja kuelekea tanuri. Mbili za karibu kabisa na tanuri zipake nyekundu, mbili za kati njano, mbili za nyuma kijani. Toroli iliyotangulia kufika itangulie kuingia, na zilizo nyuma zisogee mbele.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Fremu zinazosubiri ziwe bado hazijaoshwa. Chuma kikishatolewa mafuta na kusafishwa, hasa kwenye hewa ya unyevu kama Dar es Salaam au Mombasa, kinaanza kushika kutu upesi, na rangi ya unga juu ya kutu itabanduka. Osha mzigo unaofuata tu, ukishakauka uingie.

Sasa tunafunga kamba. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyeasisi nadharia ya vikwazo, aliuita mpango huu ngoma, akiba na kamba: tanuri ndilo ngoma linalopiga mwendo, na kamba inazuia mwanzo wa kiwanda usikimbilie mbele. Kamba yetu ni kadi. Tengeneza kadi 9, kila moja ni ruhusa ya kukata mabomba ya toroli moja. Sita zitakaa na toroli mbele ya tanuri, tatu zitakuwa njiani kati ya kukata na kuchomelea. Toroli ikimalizwa na tanuri, kadi yake inarudi kwa mkataji. Asiye na kadi hakati.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo itakayokusumbua. Mkataji atakuwa na muda wa kukaa bila kazi, na meneja atataka ampe mabomba. Usikubali. Mkataji akilipwa kwa kila kipande alichokata, badilisha malipo hayo kwanza, la sivyo kadi hazitadumu wiki moja.

Mpango ukianza, msimamizi anaangalia sakafu kila saa. Toroli zikifika mpaka kwenye kijani, aache watu wafanye kazi. Kijani ikiwa tupu, aende atafute toroli inayofuata iko wapi na inasubiri nini. Zikibaki kwenye nyekundu tu, achukue hatua papo hapo: apeleke mtu wa kukunja akasaidie kuchomelea, au aongeze saa za kuchomelea jioni. Kila mara nyekundu inapoguswa, aandike sababu kwenye daftari. Sababu inayojirudia zaidi mwisho wa mwezi ndiyo unayotengeneza kwanza.

Angalia pia aina ya fremu. Toroli sita za viti vya chekechea si kinga ikiwa oda ya wiki hii ni ya sekondari, kwa hiyo kadi iandikwe aina na rangi. Na upande wa kutokea, acha nafasi tupu ya toroli mbili, ili tanuri lisisimame kwa kukosa mahali pa kushusha. Umeme ukikatika tanuri nalo linazima, kwa hiyo akiba hii haikingi hilo. Hapo unahitaji jenereta.

Mwezi mzima ukipita bila nyekundu kuguswa, toa kadi moja. Ikiguswa kila siku na sababu haijatengenezwa bado, ongeza moja. Na ukinunua tanuri la pili, uwezo wa kuoka unakuwa fremu 24 kwa saa, na kikwazo kinahamia kwenye kufunga mbao chenye 15. Siku hiyo hiyo futa rangi za sakafuni, pima upya, na uhamishe akiba mbele ya meza za kufungia, ikiwa na fremu zilizookwa pamoja na mbao na skrubu zake.